Linki ya kuingia kwenye akaunti: ifungue apu yenyewe au ibaki kwenye brauza?

nyuzi_saba
Wadau naombeni mawazo, kazini tumegawanyika. Tunatuma linki ya kuingia kwenye akaunti kwa imeili, ni https ya kawaida tu. Wengine wanataka ukiigusa apu ifunguke palepale kwenye skrini yake, wengine wanasema ibaki brauza na mtu achague mwenyewe. Mnaonaje? Halafu mbona kwenye Android yangu apu inafunguka vizuri, ila walioichukua dukani Play Store wanaishia brauza?

tumbili_huru
Ibaki brauza, basi. Mimi nikigusa https nategemea ukurasa, naiona anwani pale juu, nikitaka nafunga naondoka zangu. Apu ikijirusha mbele yangu sijui hata imenipeleka wapi. Na ni hatari pia, apu yoyote inaweza kujiandikisha kwamba yenyewe ndo inapokea linki zako halafu ikaondoka na tokeni ya mtu.

kobe_mwendo
Tumbili mwanzo uko sawa, mwisho umechanganya vitu viwili. Unachokisema cha kuibiwa ni zile skimu za kujitungia, kama `apuyangu://ingia`. Hizo kweli hazina mwenyewe, mtu yeyote anaandika neno lilelile kwenye apu yake na hakuna anayemuuliza. Zikiwa apu mbili Android kwa kawaida inamletea mtumiaji kidirisha achague, na mtu mwenye haraka anagusa yoyote. Kwenye iPhone ndo huna hata uhakika itafunguka ipi.

Https iliyothibitishwa ni habari nyingine. Ilikuja na Android 6 na iOS 9, zote 2015, na wazo lake ni rahisi: apu inasema "mimi nahudumia domeni hii", halafu domeni nayo inaulizwa kama inaitambua apu hiyo. Jibu linakaa kwenye faili dogo ndani ya seva yako. Tapeli hawezi kuchukua linki zako mpaka aweze kuweka faili kwenye domeni yako, na akifika huko hana haja ya linki tena, ameshakumaliza. Tena kuanzia Android 12 linki ya https ambayo haijathibitishwa inaenda brauza moja kwa moja, kidirisha cha kuchagua hakitokei, labda mtumiaji mwenyewe aingie kwenye mipangilio aruhusu. Kwa hiyo kwa linki ya kuingia kwenye akaunti mimi nasema ifungue apu, ila kwa https iliyothibitishwa tu, skimu ya kujitungia hapana kabisa.

tumbili_huru
Sawa hilo la wizi nalirudisha mfukoni. Ila bado hujanijibu la uhuru wangu, nani amesema mimi nataka apu?

kobe_mwendo
Umeiweka wewe mwenyewe kwenye simu bwana. Na unaweza kuikataza: kwenye Android nenda mipangilio ya apu hiyo, sehemu ya kufungua linki, zima. Kwenye iPhone kandamiza linki kwa muda na uchague kuifungua Safari. Nakubali wengi hawajui kama hivyo vitu vipo, hapo una hoja.

mgeni_wa_leo
Samahani naingilia, mimi nadhani hizi linki za kuingia zipigwe marufuku kabisa. Nilipata meseji ina linki nikaigusa ikafungua apu ya kweli kabisa, ile ninayoitumia kila siku, nikaamini, kumbe kuna kitu ilikuwa imeshajazwa na mimi nikabonyeza kukubali. Kwa hiyo hata apu ikifunguka si salama.

dada_huduma
Pole mpenzi, ila swali lilikuwa ifunguke wapi, si kama ziwepo.

kobe_mwendo
Hapana dada, mwache, amegusa pabaya zaidi kuliko sisi sote. Kuthibitisha domeni kunaeleza nani anapokea linki, hakusemi nani ameituma. Mimi naweza kuchukua anwani yenu halali, nikabandika mwishoni namba ninayotaka au jina ninalotaka, nikamtumia mtu, na apu yenu itafunguka kwa uaminifu wote. Kwa hiyo linki impeleke mtu mahali, isimfanyie kitu. Ikifungua skrini ya kubadili nywila ni sawa, ikiibadilisha yenyewe ni balaa. Na kila kinachokuja ndani ya anwani kikaguliwe kama kitu kilichoandikwa na mtu usiyemjua, maana ndivyo kilivyo. Na skrini ya kukubali imwonyeshe mtu waziwazi nini kimejazwa, isiwe kitufe tu.

dada_huduma
Basi na mimi nilete yangu, niko huduma kwa wateja sehemu moja siitaji. Sisi kero yetu siyo apu wala brauza. Mteja anapiga simu anasema linki inamwambia "imeshatumika" na anaapa hajaigusa. Mwanzoni tulikuwa tunawaambia waombe nyingine, wanaomba, inarudi vilevile. Kuna mmoja aliomba mara nne akaanza kutufokea na mimi sikumlaumu. Kilichotushangaza ni kwamba waliokuwa wanapata shida ni walewale wa imeili za kazini.

kobe_mwendo
Hiyo naijua hata bila kuona seva yenu. Mifumo mingi ya imeili za kazini inakagua linki kabla mtu hajaifungua, yaani kompyuta inaitembelea kwanza kuona kama ina virusi. Apu za meseji nazo zinafanya hivyo zikitaka kutengeneza ile picha ndogo ya onyesho. Kama tokeni yenu ni ya mara moja na inaungua pale ukurasa unapoombwa tu, basi mkaguzi ndiye anayeingia na mteja anakuta majivu. Angalieni kumbukumbu za seva, mtaona ombi la kwanza limekuja sekunde chache baada ya imeili kutumwa, kutoka anwani ambayo si ya mteja.

Dawa ni kwamba kuomba ukurasa kwa GET kusiunguze chochote. Ukurasa ufunguke ukiwa na kitufe cha Endelea, na mtu akikibonyeza ndo POST inakwenda na tokeni inatumika. Wakaguzi kwa kawaida hawabonyezi vitufe. Ndani ya apu fanyeni hivyohivyo.

Ndo maana nawaambia hata wale wa "ifungue apu" hamkwepi kutengeneza ukurasa wa brauza unaofanya kazi vizuri, maana kuna mtu hana apu, kuna mwingine anaisomea imeili kwenye kompyuta, na kuna aliyeifungua linki ndani ya kibrauza cha apu nyingine ambacho mara nyingi hakiruhusu kutoka kwenda apu yako.

nyuzi_saba
Mnanifaidisha sana, ila lile langu la dukani mmelisahau 😅

kobe_mwendo
Hatujalisahau. Chomeka simu yenye apu ya dukani, siyo ile uliyojijengea mwenyewe, iwe Android 12 au zaidi, halafu:

```
adb shell pm get-app-links com.example.apu
```

Tuambie mbele ya domeni yako imeandika nini.

nyuzi_saba
Kwenye ya dukani inasema `1024`. Kwenye yangu inasema `verified`. Domeni moja, faili moja, sielewi.

kobe_mwendo
`1024` ni kwamba simu ilijaribu kuthibitisha na haikufanikiwa, wakati mwingine ni mtandao tu. Ila kwa kuwa yako imepita, faili linafikika, kwa hiyo mimi nashuku saini. Fungua `assetlinks.json` yako, hesabu alama za SHA-256 zilizomo. Naweka dau ni moja, na ni ya ufunguo ulio kwenye kompyuta yako.

Ukipandisha apu Play Store kwa utaratibu wa sasa, ufunguo wako ni wa kupandishia tu. Google wanaisaini upya kwa ufunguo wanaokutunzia wao, na hiyo ndo saini inayofika kwenye simu za watu. Simu inalinganisha saini ya apu na alama iliyo kwenye faili, inakuta hazifanani, inakataa kimyakimya. Mtumiaji haoni kosa lolote, anaona brauza tu. Ingia Play Console kwenye ukurasa wa saini za apu, alama ya ufunguo wa Google ipo pale, iongeze, usiifute yako:

```json
[{
  "relation": ["delegate_permission/common.handle_all_urls"],
  "target": {
    "namespace": "android_app",
    "package_name": "com.example.apu",
    "sha256_cert_fingerprints": ["ALAMA_YAKO", "ALAMA_YA_PLAY"]
  }
}]
```

Faili likae `https://domeni-yako/.well-known/assetlinks.json`, lijibu moja kwa moja bila kumrusha mtu kwenda www au popote, na seva iseme ni `application/json`. Kisha lazimisha simu iulize tena, subiri kidogo, urudie ile amri ya kwanza:

```
adb shell pm verify-app-links --re-verify com.example.apu
```

tumbili_huru
Kwa hiyo watu wote hao walikuwa wanaishia brauza na hakuna aliyekufa. Nasema tu.

dada_huduma
😂😂 Ila kweli.

nyuzi_saba
Nimerudi. Ilikuwa alama moja tu kama ulivyosema, nimeongeza ya pili, sasa hata apu ya dukani inasema `verified` na apu inafunguka. Ila nimejitesti kwa imeili ya kweli, siyo kwa kujitumia linki kwenye meseji, imeenda brauza tena!

kobe_mwendo
Ibonyeze kwa muda uione anwani yenyewe. Huduma yenu ya kutuma imeili inahesabu nani kabonyeza?

nyuzi_saba
Duh. Ndiyo. Domeni siyo yetu, ni yao, halafu ndo inarusha kwetu.

kobe_mwendo
Basi simu inaona domeni ya mhesabu, na hiyo haijawahi kusikia habari za apu yenu. Kuirusha baadaye kuja kwenu mara nyingi hakusaidii, tayari brauza imeshika usukani. Kwa imeili za kuingia zimeni kuhesabu, hata kwa usalama ni aibu tokeni ya mtu kupitia kwa mtu wa tatu kwa sababu tu mnataka takwimu. Na msikimbilie huduma ya linki fupi ya mtu mwingine ndo iwe mlango wenu, waliojenga juu ya Firebase Dynamic Links walilazimika kuhama ilipozimwa Agosti 2025. Tumieni domeni yenu.

dada_huduma
Haya mimi nina swali ambalo kwetu hatujalimaliza. Simu moja, mtu ana akaunti mbili, au mama na mtoto wanatumia simu hiyohiyo. Linki ni ya akaunti ya mtoto, apu imeingia kwa akaunti ya mama. Apu inafunguka kama mlivyotaka. Ifanye nini?

kobe_mwendo
Iulize. Iseme hii ni ya akaunti nyingine, unataka kubadilisha? Isimtoe mama kimyakimya.

dada_huduma
Ikiuliza inabidi itaje akaunti ya mtoto kwa jina, na labda aliyeishika simu si mama wala mtoto.

tumbili_huru
Kwenye brauza angefungua dirisha la faragha, akaingia, akafunga. Nani alisema ibaki brauza?

kobe_mwendo
Mtoto wa miaka kumi na dirisha la faragha, haya. Ila swali la dada ni zuri, sisi tunaonyesha herufi ya kwanza ya imeili na nyota, na bado watu wanalalamika hawajui ni akaunti gani.