Bwawa la kumwagilia Lubumbashi: udongo wa kichuguu, udongo mwekundu na bentonaiti, ao bashi?

Shamba_Kafubu
Jambo wapendwa. Ninachimba bwawa la kumwagilia mboga pembeni ya Lubumbashi, upande wa mto Kafubu. Nikihesabu chini pamoja na kingo, ni kama mita za mraba 1,200 za kuziba, na maji yatasimama mita 1.5. Chini ni udongo mwekundu wenye vikokoto vya chuma. Nilijaza kashimo ka majaribio jioni, asubuhi nikakuta kamekauka.

Niko na njia tatu. Ya kwanza, kubomoa vichuguu vikubwa vilivyo shambani, vile watu wanavyofyatulia matofali, nishindilie udongo wake sentimita 60. Ya pili, kuchekecha huu mwekundu na kuuchanganya na bentonaiti, ule unga wa udongo unaovimba ukipata maji. Ya tatu, bashi la plastiki. Bei ya bashi imenitisha, na bentonaiti inatoka mbali. Kompakta naweza kukodi. Kisima changu kinatoa lita 10,000 kwa siku, si zaidi. Nani ameshajenga la udongo likashika maji?

Djo_Katuba
Kaka, chukua kichuguu, usihangaike. Nimeendesha kompakta kwenye barabara miaka 11. Ukifikisha asilimia 95 ya Proktori, yaani ya densite ya juu ambayo labo inapata ikishindilia udongo huo, kazi imeisha. Lakini usimwage maji mengi: kompakta itazama, udongo utakuwa kama ugali. Udongo ukiwa mkavu kidogo ndio unapata densite nzuri. Na kipimo wanachodai cha kupitisha maji ni 10⁻⁷ tu. Kichuguu chochote kinakifikia.

Lava_Himbi
Mimi niko Goma. Huku chini ni mawe ya volkano, makali kama kisu, na udongo wa mfinyanzi lazima uletwe kwa lori. Bwawa langu la samaki nililitandika bashi. Mara ya kwanza niliweka bashi moja kwa moja juu ya mawe, likatoboka kabla samaki hawajakua. Mara ya pili nikamwaga mchanga laini kwanza, nikatandika magunia, ndipo bashi. Hilo limeshika. Kama uko na mfinyanzi shambani kwako, shukuru na uutumie.

Mama_Labo
Shamba_Kafubu, nimefanya kazi ya labo ya udongo muda mrefu, na swali lako ni zuri kwa sababu umetaja kisima. Tuanze hapo.

Kwanza nirekebishe kitu kwa papa Djo, kwa heshima. Ile 10⁻⁷ unayoikumbuka ni ya sentimita kwa sekunde. Ukiiandika kwa mita inakuwa 10⁻⁹. Watu wengi wanaikosea, na kosa hilo ni la mara mia. Tuliweke kwenye bwawa hili. Hapa k ni hicho kipimo cha kupitisha maji, h ni kimo cha maji, mita 1.5, L ni unene wa tabaka, mita 0.6, na q ni kasi ya maji kushuka:

```
q = k × (h + L) / L
  = k × (1.5 + 0.6) / 0.6
  = 3.5 × k
```

Kama k ni 10⁻⁹ m/s, maji yanashuka milimita 0.3 kwa siku. Kwenye mita 1,200 hizo unapoteza kama lita 360, hata kidogo chini yake kwa sababu kwenye kingo maji si marefu. Kama k ni 10⁻⁷ m/s, ni milimita 30, yaani lita 36,000 kila siku. Kisima chako hakitaliweza bwawa hilo. Katikati, kwenye 10⁻⁸, ni lita 3,600. Hapo unaamua wewe mwenyewe, kwa sababu ni maji yako na hakuna sheria inayokubana.

Sasa juu ya unyevu. Barabara na bwawa vinataka vitu viwili tofauti. Barabara inataka udongo ubebe uzito. Bwawa linataka madonge yafe. Udongo wa kichuguu ukichimbwa kiangazi unatoka kwa madonge magumu. Ukiyashindilia makavu, yanabanana lakini kila donge linabaki donge, na maji yanapita kwenye nafasi zilizo katikati yao. Densite inaonekana nzuri kwa sababu donge lenyewe ni zito. Udongo ukiwa na unyevu wa asilimia 2 hadi 4 juu ya ule bora wa Proktori, donge linalainika, miguu ya kompakta inalikanda, na zile njia zinafungwa. Kati ya ukavu na unyevu huo, udongo uleule unaweza kutofautiana mara mia au zaidi kwa kupitisha maji.

Djo_Katuba
Mama, sijakataa hesabu. Lakini kompakta ikizama, utashindilia na nini? Nimeiona kwa macho.

Mama_Labo
Papa Djo, hapo uko na haki. Ukipita asilimia 4 hivi, kompakta inaanza kuzama, udongo unakuwa laini mno, na kwenye kingo unateleza. Ndiyo maana kuna mpaka wa juu na wa chini. Ila kompakta ya barabara ya ngoma laini haifai hapa. Inataka ya miguu ya kondoo, na mguu uwe mrefu kushinda tabaka ili uchome mpaka la chini na kuyaunganisha. Mwaga sentimita 20 hivi za udongo uliolegea, zikishindiliwa zibaki 15. Yasiposhikana, maji yatapita kwenye kitobo cha tabaka la juu, yatembee kati ya matabaka mpaka yapate kitobo cha la chini.

Shamba_Kafubu
Asante sana mama. Nilipeleka magunia mawili labo. Unyevu bora ni asilimia 21, densite kavu ya juu 1.62. Udongo wenyewe sasa hivi, kiangazi, uko na asilimia 12. Je, nimwage maji kiasi gani? Na vichuguu vingapi?

Mama_Labo
Kabla ya hesabu, swali: labo walikausha udongo kwenye oveni kabla ya Proktori? Udongo wetu wa huku, hasa ule mwekundu, ukikaushwa kabisa hauwi tena uleule, na matokeo yanaweza kukudanganya. Waombe waanze na udongo wenye unyevu wake wa asili.

Hesabu sasa. Mita 1,200 kwa 0.6 ni kubiki 720 zilizoshindiliwa, karibu 900 zilizolegea. Kichuguu chenye upana wa mita 14 na kimo cha mita 5 kinatoa kama kubiki 250. Kwa hiyo utahitaji vinne, na kila kimoja kipimwe peke yake, kwa sababu havifanani hata vikiwa jirani. Kutoka asilimia 12 mpaka 23.5 ni kama lita 140 kwa kila kubiki iliyolegea. Kwa yote ni karibu lita 128,000. Kisima chako kitafanya siku 13 kwa kazi hiyo tu, bila kuhesabu yanayokauka kwa jua. Anza kujaza matangi mapema.

Na maji hayo usiyamwage juu ya tabaka halafu kompakta ikafuata palepale. Vunja madonge kwenye rundo, nyunyizia, geuza, funika na bashi la bei rahisi, uache siku mbili ao tatu ili unyevu uingie mpaka moyo wa donge. Lipasue donge moja na kisu. Kama ndani pana rangi nyepesi, bado. Humo utakuta pia mawe meupe ya chokaa, vichuguu vya huku vinayo sana. Yaliyozidi sentimita 2 ao 3 yaokote.

Mvua_Ruashi
Samahani kuingilia. Sisi tuko na shimo la taka nyuma ya soko, maji meusi yanatoka chini na kuna visima karibu. Naona mnasema lita 360 kwa siku si kitu. Basi tuweke kichuguu sentimita 60 na sisi?

Mama_Labo
Hapana, mdogo wangu, nilisema hivyo juu ya maji safi ya mboga. Kwa taka hesabu ni nyingine. Sheria ya Ulaya ya 1999 inataka, kwa taka za kawaida, mita 1 yenye 10⁻⁹ m/s ao kinga inayolingana nayo. Marekani wanakubali sentimita 60 zenye kipimo hichohicho, lakini juu yake lazima kuwe na bashi lililolala limebana udongo, na mfereji wa kuyaondoa maji meusi ili yasisimame juu. Tena zile chokaa nilizotaja zinaliwa na maji yenye asidi. Ungepaswa kupima udongo kwa maji hayo meusi yenyewe, si kwa maji ya bomba. Na shimo ambalo tayari limejaa huwezi kulitandika chini. Fungua mada yako, nitakuja.

Shamba_Kafubu
Nimerudi baada ya wiki tatu. Nilifanya kiwanja cha majaribio kando ya bwawa, matabaka mawili, sentimita 30 zote. Nusu moja nilifuata papa Djo, unyevu asilimia 18. Nusu nyingine asilimia 23, rundo likiwa limefunikwa siku tatu. Kompakta ni ileile, miguu ya kondoo, inapita mara nane.

Kipimo cha kashimo na mchanga kilitoa asilimia 97 kwa upande mkavu na 95.5 kwa upande wenye unyevu. Nikasema moyoni papa Djo ameshinda. Kisha nikakata pipa kuwa pete mbili, nikazizamisha, nikaziba pembeni, nikajaza maji sentimita 30 na kufunika na plastiki. Upande mkavu ulishuka milimita 16 kwa siku, na siku ya tano ulikuwa bado vilevile. Upande wenye unyevu haukufika milimita 1 kwa siku mbili.

Djo_Katuba
Nimesoma mara mbili. Sikutegemea hiyo. Kwa barabara nitabaki na ukavu wangu, lakini hapa nimeona.

Mama_Labo
Kazi nzuri kabisa. Upande mkavu, kwa maji ya 30 juu ya tabaka la 30, unatoa karibu 9×10⁻⁸ m/s. Huenda sehemu yake ni maji yanayokimbilia pembeni chini ya pete, lakini hautufai hata hivyo. Ule mwingine uko chini ya 3×10⁻⁹, na zaidi ya hapo rula ya macho haiwezi kukuambia. Pete ya pipa inakamata udongo mbaya, haithibitishi udongo mzuri. Toa bomba mbili za udongo usiovurugwa, upeleke labo, na matundu yote uyajaze bentonaiti ukishindilia kwa fimbo. Gunia moja la bentonaiti linatosha kwa hilo.

Wakati wa kujenga, pima unyevu na densite angalau mara tatu kila tabaka, usiruke kingo. Kabla ya tabaka jipya, kwaruza la chini. Jioni pitisha ngoma laini na ufunike, maana jua la Agosti litalipasua kwa siku moja. Tabaka lenye nyufa usilimwagie maji na kulifunika hivyohivyo. Livunje, ulirudishie unyevu, ulishindilie upya.

Shamba_Kafubu
Naenda na kichuguu. Linalonisumbua bado ni kingo: Oktoba bwawa litakuwa nusu, na juu kutabaki wazi kwenye jua.

Lava_Himbi
Kaka, tandika bashi kwenye kingo peke yake, udongo chini.

Mama_Labo
Ama uongeze sentimita 30 za udongo mwekundu juu ya mfinyanzi, ili jua lile huo kwanza. Mimi ningechagua hivyo, ila sijaona kingo zenye mwinamo wako zikipita kiangazi kizima. Una mwinamo gani?

Shamba_Kafubu
Moja kwa mbili na nusu.

Mama_Labo
Ni mkali kwa kompakta kupanda na kushuka ikishindilia vizuri. Ukiweza, zilaze kingo mpaka moja kwa tatu kabla hujamwaga tabaka la kwanza.