Tupeane uzoefu: mapigo ya moyo 30 na ushee kwa dakika, na kuzimia ghafla

MwanaUjiji
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa waliougua au waliouguza mapigo ya chini sana yanayoambatana na kuzimia. Siongelei presha ya kushuka, naongelea mapigo yenyewe, yale unayohesabu mkononi upande wa dole gumba.

Naanza na ya kwetu. Mama yangu ana miaka 71, anauza mawese hapa Ujiji. Alikuwa anadondoka bila taarifa. Hasikii kizunguzungu wala kichefuchefu, unasikia tu kishindo, na baada ya nusu dakika anainuka anauliza kidumu chake kiko wapi. Majirani wakasema kifafa, wengine wakasema katupiwa kitu. Zahanati moja wakampima presha wakakuta 186 kwa 70, wakamwongezea dawa za presha. Namba ya chini kabisa kwenye kioo cha mashine, ile yenye maandishi PULSE, hakuna aliyeitazama. Ilikuwa 38.

Kilichotusaidia ni daftari. Mdogo wetu wa kidato cha tatu alipewa kazi ya kuhesabu na kuandika. Nanukuu alivyoandika:

Jumanne, saa 1 asubuhi. Amekaa. 36. Anasema yuko sawa.
Jumanne, saa 10 jioni. Ametoka bombani kwa miguu. 38. Anahema sana.
Alhamisi, saa 3 usiku. Amelala. 72. Yuko sawa.
Ijumaa, saa 5 asubuhi. Ameanguka jikoni. Midomo na viganja vimepauka. Mkononi sikupata pigo, nikahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na kitu ndiyo likarudi. Mikono ilishtuka-shtuka. Ameamka uso wa moto, ananijua. Baadaye 34.

Siku tunamfikisha hospitali, mapigo yalikuwa 70 na kitu, mama amechangamka anamtania nesi. Daktari akasoma daftari taratibu, akarudia mstari wa bombani na ule wa jikoni, akasema huyu halali nyumbani leo. Wakamlaza kwenye mashine inayoonyesha umeme wa moyo muda wote, na usiku huohuo ikayanasa mapigo yakishuka.

Leteni za kwenu.

MpandaBaiskeli_Urambo
Mkuu pole kwa mama. Sasa umenitisha. Mimi nabeba mkaa kwa baiskeli miaka yote, juzi nimepimwa mapigo 48. Sijawahi kuzimia. Na mimi nina hiyo kitu?

BiMwanga
Mwanangu, chini ya 40 hiyo ni njia ya umeme wa moyo kuziba moja kwa moja, hakuna mjadala. Marehemu mume wangu alikuwa hivyo. Tulikuwa tunampa kahawa chungu na maji ya chumvi, mapigo yanapanda. Jaribuni wakati mnasubiri hospitali.

TabibuMstaafu_Nzega
Shikamoo BiMwanga. Nimekuwa afisa tabibu miaka mingi, naomba niongeze kidogo.

Kwanza wewe wa baiskeli. Panda kilima chako ulichozoea, ukishuka hesabu tena. Ukikuta 100 au zaidi, moyo wako unasikia amri vizuri, umezoea kazi tu. Tazama mama wa Ujiji: amekaa 36, katoka bombani 38. Sehemu ya juu ya moyo wake ilikuwa inaongeza kasi kama kawaida, lakini amri haifiki chini. Ni sawa na stesheni ya Tabora kutoa ishara halafu Kigoma haiipati, kila upande unajiendea kivyake. Sehemu ya chini ikiachwa peke yake inajipigia 30 au 40, na haijali kama umekaa au unatembea. Kwa hiyo mstari wa bombani una thamani kuliko mistari kumi ya "amekaa".

Ile presha ya 186 nayo ina maelezo yake. Moyo unaopiga mara chache unajaa sana kati ya pigo na pigo, ukisukuma unasukuma mzigo mkubwa kwa mkupuo, kwa hiyo namba ya juu inapanda. Mtu anaonekana ana presha tu. Akipewa dawa inayopunguza kasi ya moyo, anazidi kuzama.

BiMwanga, hapo kwa 40 umekaribia ila hujafika. Kuna watu moyo unapiga 72 lakini kila pigo la pili ni dhaifu, halifiki mkononi. Ukihesabu mkononi unapata 36, mashine ya presha nayo inasoma 36. Kinachotenganisha ni kuweka kipimo kifuani na kusikiliza, au karatasi ya umeme wa moyo. Ndiyo maana daftari halitoi jina la ugonjwa. Linamwonyesha daktari atafute nini, na lini. Kahawa na chumvi haviunganishi amri iliyokatika, na chumvi kwa mwenye presha ya 186 ni balaa.

BiMwanga
Marahaba baba. Lakini kahawa ilikuwa inamsaidia, nilikuwa naona kwa macho.

TabibuMstaafu_Nzega
Inawezekana mama, ila mapigo ya namna hii yanapanda na kushuka yenyewe. Ukimpa kahawa saa yalipokuwa yanarudi, kahawa inapata sifa.

MkeWaMwalimu_Kasulu
Wa kwangu ilikuwa dawa. Mume wangu alikuwa anameza atenolol, akaandikiwa nyingine na kituo kingine, kumbe zote zinapunguza mapigo. Akawa 42, anataka kuanguka kila akisimama ubaoni. Nilichofanya ni kuandika pembeni ya kila namba amemeza nini na saa ngapi. Daktari alipoona mapigo yanaporomoka saa chache baada ya vidonge, akapunguza moja polepole, akafuta nyingine. Sasa yuko 60 na kitu. Msikurupuke kuacha wenyewe, tulionywa kwamba ukiikata ghafla moyo unaweza kucharuka.

TabibuMstaafu_Nzega
Dada, hiyo safu ya dawa ndiyo watu wanaisahau. Na waandike hata dawa za macho. Zipo za matone za presha ya macho, timolol, zinaingia kwenye damu na kupunguza mapigo. Mgonjwa akiulizwa dawa anataja vidonge tu, matone hayataji. Anayeumwa figo naye aseme mapema, maana potasiamu ikipanda inakata hiyo amri vilevile.

KijanaWaGungu
Mimi yangu yanakimbia, usiku yanafika 130 nikiwa nimelala. Dawa yake ni ipi?

MwanaUjiji
Kaka hapa tunaongelea ya chini. Fungua uzi wako, lakini namna ya kuandika ni hiihii, nenda nayo kwa daktari.

Mama_Tumbaku
Kuhesabu kwenyewe mnafanyaje? Mimi nahesabu sekunde 15 nazidisha kwa nne, kila mara napata jibu jingine.

TabibuMstaafu_Nzega
Hesabu dakika nzima, mama. Mapigo yakiwa machache, ukikosea moja ndani ya sekunde 15 umekosea manne kwa dakika. Na kama moyo unaruka pigo kila baada ya muda, sekunde 15 zinaweza kupita bila kuuona mruko. Apumzike amekaa dakika tano kwanza. Tumia vidole viwili, cha shahada na cha kati. Usitumie dole gumba, lina mapigo yake, utajihesabu mwenyewe. Halafu andika kama yanakwenda sawasawa au yanarukaruka.

Akianguka, usihangaike na namba. Mlaze chali, shika mkono wake, angalia rangi, angalia saa. Ukikosa pigo na hapumui, mwite mtu na uanze kumkandamiza kifua. Akiamka ndipo uandike: alipauka? alipoamka uso ulikuwa wa moto? alijitambua papo hapo? Wa kifafa mara nyingi anaamka amechanganyikiwa, anataka kulala, pengine ameng'ata ulimi. Wa moyo anaamka anauliza kidumu. Kushtuka-shtuka mikono kunaweza kuwepo kwa wote wawili, hicho peke yake kisikupotoshe.

Mama_Tumbaku
Nimeelewa. Basi nitaandika wiki mbili ndiyo nimpeleke mzee.

TabibuMstaafu_Nzega
Mzee amezimia?

Mama_Tumbaku
Mara mbili tangu mavuno. Leo asubuhi 37.

TabibuMstaafu_Nzega
Basi mpeleke leo, na karatasi yenye mstari mmoja. Aliyezimia na yuko chini ya 40 hasubiri daftari lijae. Daftari la wiki ni la yule anayefika hospitali kila kipimo kinatoka safi.

Fundi_Isevya
Huyo wa vipimo safi ndiyo mimi. Nazimia labda mara moja kwa miezi miwili. Karatasi ya umeme wa moyo safi, nikafungwa holta, kile kimashine cha kutembea nacho kinachorekodi umeme wa moyo, saa 24, safi. Naambiwa ni mawazo.

TabibuMstaafu_Nzega
Fundi, saa 24 kwa anayezimia kila baada ya miezi miwili ni kubahatisha. Zipo holta za siku nyingi, na kipo kidude kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua kinachorekodi kwa muda mrefu. Daktari anachagua kwa kuangalia unazimia kila baada ya muda gani, kwa hiyo tarehe zako ni muhimu kuliko mapigo ya kila siku. Omba pia karatasi yako isomwe upya na mtu wa moyo. Mara nyingi, hata mapigo yakiwa 70, njia mojawapo ya umeme huwa imeshaharibika na mstari unaonekana mpana. Mtu mwenye haraka anaandika "kawaida".

Fundi_Isevya
Waliandika "kawaida". Karatasi ninayo.

DerevaWaUvinza
Fundi, kwa huruma yangu usipande ngazi wala kushika usukani mpaka ijulikane.

Fundi_Isevya
Kaka, mimi napaua nyumba. Nisipopanda watoto wanakula nini?

DerevaWaUvinza
Sina jibu hapo. Fanya kazi za chini angalau, mpe kijana wako apande.

MkeWaMwalimu_Kasulu
MwanaUjiji, mama mlimpelekaje Dar? Kwa treni?

MwanaUjiji
Hapana, daktari alikataa katakata, akasema usiku kucha njiani na mapigo 34 hafiki. Alipelekwa kwa rufaa akiwa na muuguzi, akawekewa betri ya moyo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Waya unapita kwenye mshipa hadi moyoni, betri inakaa chini ya ngozi karibu na bega. Treni tuliipanda kurudi.

Na daftari bado linaandikwa. Betri yake imewekwa isiruhusu kushuka chini ya 60. Wakatuambia tukihesabu tukakuta pungufu ya hapo zaidi ya mara moja, au akizimia tena, twende tukaikaguze, pengine waya umesogea. Betri nayo inaisha, miaka nane, kumi hivi, kwa hiyo kliniki haikwepeki.

BiMwanga
Na simu anatumia?

MwanaUjiji
Anatumia, sharti ikae mbali na betri, kama shubiri moja, na aiweke sikio la upande mwingine. Mtihani ni kwamba mama anahifadhi simu na noti zake kwenye sidiria, upande wa kushoto, na betri iko kushoto. Tumemshonea mfuko kiunoni. Anasema huko wezi wa soko la Mwanga wanafika, kwa hiyo kwa sasa ameihamishia kulia.

TabibuMstaafu_Nzega
Kulia inatosha. Mwache na noti zake.