Klipu za CS2: programu isome orodha ya vifo, au isikilize mlio?

KobeMtaani (mwanzisha mada): Kwenye shindano letu la Counter-Strike 2 kila mchezaji anatuma rekodi ya skrini yake, halafu programu inachomoa klipu za kupigiwa kura. Wengine wanataka itambue mauaji kwa maandishi ya kwenye skrini, wengine kwa sauti. Ipi inatenda haki?

Mchomvu: Sauti, hakuna mjadala. Risasi ikigonga kichwa inalia "ting", mtu kaanguka. Mpe programu mlio huo, iutafute kwenye rekodi nzima, kwisha. Kusoma picha moja moja ni kuitesa kompyuta bure.

FundiKebo: Mchomvu, umewahi kumpiga kichwani mtu mzima mwenye helmeti kwa M4? "Ting" inalia na jamaa anakimbia zake. AK ndiyo inamaliza kwa risasi moja. Hutaki kuamini, ingia gemu ujaribu. Tena mlio huohuo unausikia mwenzako wa karibu akipiga yeye.

Shahidi ni orodha ya vifo, juu kulia. Na wala husomi picha zote: mstari unakaa hapo sekunde kadhaa, picha mbili kwa sekunde zinatosha. Rekodi ikiwa 1920 kwa 1080 nakata kona tu:

```
ffmpeg -i mechi.mkv -vf "fps=2,crop=600:200:1300:60" f_%05d.png
```

Kisha kila mstari unaukata peke yake, unaukuza mara tatu, unaufanya mweusi na mweupe, ndipo unampa Tesseract na `--psm 7` ajue ni mstari mmoja. Jina lako likiwa la kwanza kushoto umeua, likiwa kulia umeuawa. Katikati kuna picha ya bunduki, atakusomea takataka, achana nayo.

Na nyie mnaorekodi huku singeli inapiga, sauti sahauni kabisa. Makelele yale hata bomu halisikiki.

Mchomvu: Makelele? Singeli imekukosea nini? Taarabu yenu ya kulialia ndiyo haina makelele?

BinMvita: Nani kataja taarabu hapa? Watu wa Bara bwana, mkiguswa kidogo mnarukia Pwani.

Mchomvu: Singeli ni ya Dar, na Dar ni Pwani. Kafungue ramani.

Babu_wa_Gemu: Vijana, mimi nacheza Free Fire kwenye simu. Hiyo amri naiandika wapi?

Binti_Likoni: Babu, hiyo ni ya kompyuta, na orodha ya Free Fire ina sura yake, vipimo hivyo havitakufaa.

Kaka Fundi, hujasema ubaya wa njia yako. Mimi jina langu lina l na I zimefuatana. Tesseract kalisoma namna tatu tofauti kwenye picha tatu, programu ikaona kifo kimoja ni vitatu. Na wenye nyota na vikolombwezo kwenye majina je?

FundiKebo: Majina ya nyota yanasumbua, nakubali, wabadilishe kabla ya mechi. Hilo la kuhesabu mara tatu lina dawa: usidai majina yafanane herufi kwa herufi, ruhusu mbili zikosewe. Halafu mtazame aliyekufa. Kwenye mechi za mashindano mtu hafi mara mbili raundi moja, kwa hiyo marehemu yuleyule ndani ya raundi ni kifo kilekile.

Binti_Likoni: Sawa, lakini mnahesabu maiti tu. Juzi nilibaki peke yangu dhidi ya watatu. Bomu linalipuka baada ya sekunde 40, nina koleo, nahitaji 5 za kulitegua. Nikatupa moshi, nikalitegua wao wakifyatua ovyo pembeni. Sijaua mtu. Programu yako ingenipa nini?

FundiKebo: Isingekupa kitu.

Binti_Likoni: Basi hapo ndipo sauti ina kazi. Yule mtangazaji wa bomu kuteguliwa husema kwa sauti ileile kila mara, ingawa mechi nzima inamsikia, hata ametegua mwenzako. Shida ni muziki wa mchezaji bora unaoingia mwisho wa raundi, kila mtu ana wake. Inabidi uchukue maneno ya mwanzo tu.

Mchomvu: Kumbe sauti inafanya kazi! Nilisema.

FundiKebo: Ulisema "ting". Na ngoma za singeli zinagonga haraka mno, kila pigo fupi programu italiona "ting". OBS ina njia tofauti za sauti, weka gemu kwenye yake na muziki kwenye yake, uhifadhi kwa mkv.

BinMvita: Kwani si mchukue tu faili za .dem? Vifo vyote vimeandikwa mle ndani, nani kamuua nani na kwa bunduki gani. Husomi picha wala nini.

KobeMtaani: Wengi wanatuma video tu, .dem hawana. Na hakuna aliyenijibu kuhusu haki: anayetegua bomu na anayeua wanne, wapigiwe kura kwenye kapu moja?

Mchomvu: Kwanza mtu wa taarabu aombe radhi.