Mfalme wangu alikuwa ndani ya mraba, mbona askari kanikimbia?

Mtoto wa Kihonda
Wakuu, salaam. Jana kijiweni nimepoteza gemu ya chess ambayo mpaka usingizini nilikuwa naipanga upya. Nilikuwa na nyeusi. Mfalme wangu c4, askari wangu mmoja f6. Jamaa ana mfalme a5, na askari watatu: c3, f5 na h2. Askari wangu wa f6 na wake wa f5 wamegotana, hakuna anayesogea.

Zamu yangu. Nikamwona yule wa c3 yuko peke yake, nikamla. Kabla ya kumla nilichora mraba kichwani kama nilivyofundishwa, kuanzia kwa askari mpaka mwisho wa ubao, kwamba mfalme akiwa ndani yake anamkamata, nikaona huyu wa h2 nitamkamata hata aanze kukimbia. Jamaa akaruka h4. Nikaenda d4, yeye h5. Nikaenda e5, yeye h6. Hapo nikanyoosha mkono kumpeleka mfalme f6, nikakuta mlango una mtu, na mtu mwenyewe ni wangu. Nikasalimu amri, watu wakacheka.

Swali langu: ile kanuni ya mraba ina makosa, au mimi ndiye niliyechora vibaya?

Kasi ya Bajaji
Umechora vibaya mkuu. Wengi wanaliwa hapo hapo. Askari ambaye hajatoka nyumbani anaruka vyumba viwili, kwa hiyo humhesabu kutoka h2, unamhesabu kana kwamba yuko h3. Ukianza h2 mraba unafika mpaka safu ya b, unajiona uko salama. Ukianza h3 unakomea safu ya c. Wewe ulikuwa nje.

Mtoto wa Kihonda
Lakini mfalme wangu alikuwa c3, si b. Hiyo c3 si ndiyo kona yenyewe ya mraba?

Mzee wa Farasi Mmoja
Ndiyo kona yenyewe, na kona ni ndani. Kasi amesema kweli kuhusu h3, shika hilo. Ila siyo lililokuua.

Tuanze pale jamaa alipofika h4 na zamu ikawa yako. Usihesabu vyumba kimoja kimoja, utachanganyikiwa saa ikikimbia. Toka kwa askari panda mshazari kuelekea kwa mfalme wako mpaka mwisho wa ubao: h4, g5, f6, e7, d8. Umegota safu ya d. Hiyo ndiyo ukuta wa mraba: d4 mpaka d8, na upande wa pili h4 mpaka h8. Zamu ikiwa yako, inatosha uweze kukanyaga ndani kwa hatua moja. Wewe c3 unaingia d4. Kwa mraba peke yake, unamkamata.

Sasa ondoa wale wawili wa safu ya f, ucheze. d4, h5. e5, h6. f6, h7. g7, anageuka malkia h8, unamla papo hapo. Umefika na huna hata hatua moja ya akiba. Tatizo lako liko hapo kwenye kukosa akiba. Kutoka c3 mpaka h8 ni hatua tano, na njia ya hatua tano ni moja tu: d4, e5, f6, g7, h8. Ukiziba chumba kimoja katika hivyo, mraba hauna maana tena. Wewe ulikiziba mwenyewe kwa askari wako.

Mtoto wa Kihonda
Na nikizunguka? Pale e5 ningemla f5 badala ya kwenda f6?

Mzee wa Farasi Mmoja
Unakula f5, yeye h7. Unaenda g6, yeye anageuka malkia. Umechelewa kwa hatua moja.

Bingwa wa Kete
Jamani mimi sielewi mnabishana nini. Kete ikifika mwisho si inakuwa kingi, na kingi anakula kwa mbali? Huyo wa f6 angetolewa kafara, jamaa analazimika kula, njia inafunguka. Sisi kwenye drafti tunafanya hivyo kila siku.

Mzee wa Farasi Mmoja
Ndugu yangu, huku hakuna kula kwa lazima, na askari wawili wakigotana uso kwa uso hawalani. Wangeweza kulana tu kama wangekuwa safu za jirani.

Bingwa wa Kete
Basi huo mchezo wenu una uoga.

Dada Sare
Mimi nadhani kanuni yenyewe ndiyo haiaminiki. Kuna lile fumbo la Réti la mwaka 1921. Nyeupe: mfalme h8, askari c6. Nyeusi: mfalme a6, askari h5. Zamu ya nyeupe. Mfalme yuko mbali kabisa nje ya mraba wa yule wa h5, na bado nyeupe anapata sare. Anateremka g7, f6, e5 kwa mshazari. Ukimfuata askari wake wa c6 ukamla, yeye anaingia f4, anamdaka wako. Usipomla, anarudi d6 kumsindikiza c6, na nyote mnapata malkia. Kwa hiyo mraba unasema hapana, ubao unasema ndiyo.

Mzee wa Farasi Mmoja
Fumbo umelisema sawasawa, dada. Lakini angalia kinachomwokoa: c6. Bila huyo askari, kanuni inasema hamkamati, na kweli hamkamati. Mraba unajibu swali la mfalme mmoja na askari mmoja, ubao mtupu. Ukiongeza kitu kingine chochote, inabidi utazame kwa macho. Réti aliongeza kitu kinachosaidia, kijana wetu alikuwa na kitu kinachozuia.

Kasi ya Bajaji
Sawa, nakubali. Basi kumbe kosa ni kula c3. Angebaki safu ya nne angepita juu ya f6: d5, e6, f7, g7. Hatua zinatosha.

Mzee wa Farasi Mmoja
Pale e6 anakanyaga nini? Askari mweupe wa f5 analinda e6 na g6. Mfalme haruhusiwi kuweka mguu. Na hapa ndipo hata mimi nilikuwa nikiumia zamani: nilitazama vyumba vyenye watu, nikasahau vyumba vitupu vinavyolindwa. Angekuwa c5, hapo sawa: d6, e7, f7, g7, anafika.

Mtoto wa Kihonda
Kwa hiyo badala ya kula c3 ningekwenda d5?

Mzee wa Farasi Mmoja
Mimi ningekwenda d5. Akikimbia h4, wewe e5. Yeye h5, unakula f5. Yeye h6, wewe g6, umemkamata. Umepata hatua moja kwa kutokula c3, na hiyo moja ndiyo uliyokosa jana.

Lakini jamaa akiwa mjanja atakupa cheki kwa c4. Mkono utawasha kula. Ukila tu, uko c4, anaruka h4, na umerudi kwenye msiba ule ule: d5, h5, e6 huruhusiwi, kwisha.

Dada Sare
Na asipokula arudi wapi? Mimi naona e5, anafuata f5.

Kasi ya Bajaji
e5? Na huyo wa c4 aliyeachwa, na mfalme wa jamaa yuko a5 jirani? Mimi narudi d6.

Mtoto wa Kihonda
Nimepanga ubao mezani. Mdogo wangu anacheza nyeupe. Nimekwenda d5, amenipa c4, na wakuu, nimemla. Nimeshtuka askari akiwa h6. Napanga upya, sasa najaribu d6.