Msaada: Ø0.04 kwenye mchoro wa hausingi, tundu linaruhusiwa kuhama kiasi gani?

FundiIgogo:
Wakuu, habari za jioni. Nina karakana ndogo hapa Igogo, tunakula kwa lethi. Nimekwama na kazi moja, na mteja amegoma kuipokea.

Ni hausingi ya pampu inayovuta maji ya ziwa kupeleka kwenye mashine ya barafu, ya wale wanunuzi wa sangara. Ya zamani ilipasuka, wakaniletea chuma cha kusubu na mchoro. Ina matundu mawili ya beringi. La mbele ni 80 H7, linakaa 6208, na mchoro umelipa herufi A. La nyuma ni 72 H7. Toka moja hadi lingine ni milimita 120. Kwenye lile la 72 kuna kiboksi chenye vile viduara viwili, kimoja ndani ya kingine, halafu Ø0.04, halafu A.

Nilichonga la 80 kwanza, nikageuza kazi, nikachonga la 72. Nikaifunga tena kwenye chaki ya meno manne, nikailenga kwa tundu A, nikapitisha daili ya kidole hadi kwenye 72. Nikizungusha mzunguko mzima sindano inacheza 0.037. Mimi nikajua nimepona, maana tundu limehama 0.037 na ruhusa ni 0.04.

Mkaguzi wa mteja amenijia juu. Anasema ruhusa ni 0.02 tu, mimi nimesoma 0.037, kwa hiyo hausingi ni chuma chakavu. Nani yuko sahihi? Chuma chenyewe nimekilipia mimi.

NgoshaWaBuzuruga:
Pole ngosha, ila mkaguzi yuko sahihi. Ile alama ya kipenyo mbele ya 0.04 siyo pambo. Maana yake mhimili wa tundu la 72 lazima ukae ndani ya bomba la kufikirika lenye upana wa 0.04, na katikati ya hilo bomba ndipo unapopita mhimili wa A. Ukitoka katikati kwenda ukutani ni nusu, yaani 0.02. Upande wowote, juu, chini, kushoto, haupiti hapo.
Wewe una 0.037. Umezidisha karibu mara mbili.
Labda uponee kwenye ukubwa wa tundu. Likitoka kubwa kidogo kuliko 72.000 unaongezewa ruhusa.

NahodhaKirumba:
Hili limenikuta mimi pia. Boti yangu injini ilikuwa inatetemeka mpaka boliti za kapling zinalegea kila safari ya Ukerewe. Fundi alipima akasema shafti imehama 0.30, tukaweka shimu za 0.30 chini ya injini, ikawa vilevile, ila safari hii kwa upande wa pili. Fundi, jaribu shimu.

MamaVipimo:
Nahodha, yako ni kupanga injini na shafti, ya kijana ni matundu yaliyokwisha chongwa, hakuna pa kuweka shimu. Ila umetuletea mfano mzuri bila kujua. Fundi wako alizungusha daili kwenye ukingo wa kapling ikasoma 0.30 mzunguko mzima, akadhani huo ndio mhamo. Mhamo ulikuwa 0.15. Akainua injini mara mbili ya ilivyohitajika, ndiyo maana ikaangukia upande wa pili.

FundiIgogo, mdogo wangu, kosa la mkaguzi wako ni hilohilo. Chukua mfano tundu limehama maikroni 18 kuelekea jino namba tatu la chaki. Ukizungusha, kuna mahali ukuta unausogelea ulimi wa daili kwa 18, na nusu mzunguko baadaye unaukimbia kwa 18. Sindano imetembea 36. Daili inasoma mhamo mara mbili.

Kwa hiyo usomaji wako wa 0.037 ni mhamo wa 0.0185. Ngosha kaigawa ruhusa kwa mbili, sawa kabisa, halafu kaulinganisha na usomaji ambao haujagawanywa. Ama ugawe vyote, ama usigawe chochote: 0.0185 dhidi ya 0.02, au 0.037 dhidi ya 0.04. Wewe ulilinganisha vizuri, ila uliposema "limehama 0.037" ulikosea. Ulifika nyumbani kwa njia ya jirani.

Na hiyo nyongeza ya ukubwa haipo mpaka ndani ya kiboksi kuwe na herufi M iliyozungushiwa duara. Ipo?

FundiIgogo:
Haipo mama. Ni Ø0.04 na A tu.

MamaVipimo:
Basi isahau.
Sasa kabla hujamfuata mkaguzi kwa furaha: 0.0185 na 0.02 zimebanana mno. Nipe usomaji wa kila jino, siyo jumla peke yake. Na nipe pia A yenyewe ilibaki inacheza kiasi gani baada ya kuilenga, maana haijawahi kutokea ikabaki sifuri.

FundiIgogo:
Nimetia chaki kwenye meno, moja hadi nne. Daili yangu kila mstari ni 0.002.
Tundu la 72: jino la 1 ni 0, la 2 ni −0.004, la 3 ni −0.030, la 4 ni −0.026.
Tundu A, karibu na mdomo: 0, −0.004, −0.008, −0.004.

MamaVipimo:
Umeandika vizuri. Kwanza jumlisha meno yanayotazamana. La 1 na la 3 ni −0.030. La 2 na la 4 ni −0.030. Zimelingana, kwa hiyo hakuna dalili ya tundu kuwa yai, ni mhamo mtupu. Jumla hizo zingetofautiana, sehemu ya mchezo wa sindano ingekuwa ni uyai, na kuigawa yote kwa mbili ungekuwa unajidanganya.

Mhamo kwa kila upande ni nusu ya tofauti ya meno yanayotazamana. Nimehesabu kwa maikroni:

```
72:  x = (0 + 30)/2 = 15    y = (-4 + 26)/2 = 11
A:   x = (0 + 8)/2  = 4     y = (-4 + 4)/2  = 0
72 - A:  x = 11   y = 11
mhamo = √(11² + 11²) = 15.6
```

Hiyo 15 na 11 ni mhamo kutoka katikati ya lethi. Mchoro haujali lethi yako, unajali A. A yenyewe iko 4 nje ya lethi, na kwa bahati imekaa upande uleule, kwa hiyo inakupunguzia. Mhamo kutoka A ni 0.0156. Ingekaa upande wa pili ungekuwa na x ya 19, na mhamo ungevuka 0.02.

NgoshaWaBuzuruga:
Nimekubali mama, ile daili nilipitiwa. Basi kazi imepita, mkaguzi alipe.

mwanafunzi_87:
Samahani naingilia, nipo field Nyakato. Mchoro nilionao mimi una Ø0.04 kwenye matundu yote mawili, na yote yanarejea C, ambayo ni shingo ya nje. Hapo kati ya tundu na tundu ni 0.02 pia?

MamaVipimo:
Hapana. Kila moja linaruhusiwa 0.02 kutoka C. Moja likienda kushoto 0.02 na jingine kulia 0.02, kati yao kuna 0.04, na yote mawili yamepita ukaguzi. Ndiyo maana lazima usome ile herufi ya mwisho kwenye kiboksi, siyo namba tu.

Ngosha, usimlipishe mtu bado. FundiIgogo, A uliipima mdomoni tu. Pima na ndani, karibu na bega, uniambie umeingia milimita ngapi.

FundiIgogo:
Umeme ulikatika, samahani kwa kuchelewa. Nimeingia milimita 12 kutoka pale pa kwanza. Inasoma 0, −0.003, −0.006, −0.003. Zile 0.003 nimekadiria katikati ya mistari. Imeshuka kutoka 0.008 hadi 0.006, nikaona ni nzuri zaidi.

MamaVipimo:
Siyo nzuri, ndipo tatizo lilipo.

Mdomoni A iko 4 nje, milimita 12 ndani iko 3. Maana yake umeifunga kazi ikiwa imelala kidogo, na mhimili wa A unateremka maikroni 1 kila milimita 12. Tundu la 72 liko milimita 120 mbele. Urefue huo mhimili mpaka huko, unateremka 10, unafika −6. Sasa x ya 72 kutoka A siyo 11 tena, ni 15 + 6 = 21. Weka na y ya 11:

```
√(21² + 11²) = 23.7
```

0.0237. Umepita ruhusa.

FundiIgogo:
Mama, si umesema 0.0156 jana?

MamaVipimo:
Nilisema kwa kudhani A imesimama sawa na lethi. Na leo sisemi kwamba umeshindwa. Tofauti yote kati ya kupona na kufa imetoka kwenye 0.002, mstari mmoja wa daili yako. Ukiukosea mstari huo, kwa kidole kutetemeka au chembe ya chuma, jibu linahama maikroni 10 kule mwisho. Tundu lina upana wa beringi ya milimita 18, unalitumia kulenga kitu kilicho mbali mara saba hivi. Hakuna fundi wa kulisimamisha jibu hilo kwa daili hiyo.

Fanya hivi. Legeza, gongagonga kazi mpaka A isome sawa mdomoni na ndani, kwa meno yote manne. Usihangaike kuileta sifuri, hiyo tutaitoa kwa hesabu. Safisha ulimi. Soma kila mahali mara tatu, uandike zote hata zisipofanana.

NgoshaWaBuzuruga:
Kwani asingechonga matundu yote mawili kwa kufunga mara moja?

FundiIgogo:
Baa yangu ya kuchongea ni fupi, na nene haipiti katikati, kuna shingo ya 62. Ningejua ningeazima.

MamaVipimo:
Hilo ndilo swali la kumpelekea mwenye mchoro pia. Shafti hii inakaa kwenye beringi mbili, kwa nini lile la mbele peke yake liwe ndiyo rejea? Wengi huandika A–B, yaani mhimili unaopita kwenye matundu yote mawili, na hapo ufupi wa A hausumbui hivi. Sijui kama atakubali kubadilisha baada ya kazi kuchongwa. Mkaguzi mwenyewe muulize alipimaje.

FundiIgogo:
Alipimia hapahapa kwangu, kwa daili yangu, alilenga A mdomoni tu kama mimi. Kesho asubuhi nagonga upya, nitaweka namba zote tatu tatu.

NahodhaKirumba:
Kwa hiyo zile shimu zangu nitoe nusu?

MamaVipimo:
Toa nusu, halafu pima tena kabla hujakaza.