Gumzo la kikundi cha ukoo: hofu kwanza au woga kwanza?

[18:04] Shangazi Zuhura: Jamani hamjambo. Salma anatuma hadithi yake kesho saa 4 asubuhi na mwanzo bado haujakaa. Kila mmoja alete maneno ya hofu anayoyajua, kuanzia lile dogo kabisa mpaka la mtu kuishiwa nguvu. Tuyapange leo leo.

[18:05] Shangazi Zuhura: Salma, weka huo mwanzo wauone.

[18:11] Salma: Shikamooni. Huu hapa.
"Nuru alishikwa na hofu kuu. Woga ulimjaa, akatetemeka kwa kitisho, moyo ukimwenda mbio usiku ule wa kutisha. Alisikia komeo la mlango wa nyuma likivutwa."

[18:12] Salma: Shida yangu ni kwamba mlango ukifunguka sina neno lililobaki. Yote nimeyamaliza kabla hata hajasikia kitu.

[18:40] Shangazi Zuhura: Mmesoma watu 11. Kimya.

[18:52] Mama Neema: Pole sana Salma mwanangu. Ukiingiwa na hofu usilale peke yako, washa taa. Mimi juzi usiku nilisikia kitu kinakwaruza dirishani. Nilijikuta nimesimama katikati ya chumba, kiatu kimoja mkononi, nakifuta vumbi kwa kanga. Nakifuta tu! Asubuhi nikaona ni tawi la mti.

[18:53] Shangazi Zuhura: Mama Neema, ni hadithi. Salma mzima.

[18:55] Mama Neema: Ah! Basi sawa. Nilishaanza kutafuta ufunguo nije.

[18:57] Juma: Wekeni "tumbo joto". Halafu "tumbo moto". Halafu Nuru anakimbilia chooni, hadithi imekwisha 😂

[18:57] Shangazi Zuhura: Juma.

[18:58] Juma: Nisamehe Shangazi. Ila tumbo joto ni neno la kweli, watu wanalitumia.

[19:10] Mjomba Hamisi: Mpangilio ni huu: wasiwasi, shaka, hofu, woga, taharuki, kihoro. Kihoro ndicho kilele, maana watu hufa kwa kihoro. Kanuni ni rahisi, neno likiwa geni kwa msomaji ndivyo linavyotisha.

[19:14] Salma: Mjomba, naona shaka iko chini ya wasiwasi. Ukiwa na shaka unajiuliza swali moja, ukipata jibu imeondoka. Mwenye wasiwasi hata akipata jibu anauliza tena.

[19:15] Mjomba Hamisi: Hapo sawa, zibadilishe. Mengine yabaki.

[19:16] Salma: Na taharuki mwalimu wetu wa fasihi alitufundisha kuwa ni ile hamu ya msomaji kutaka kujua kitakachofuata. Sasa nikiandika "Nuru akaingiwa na taharuki" si nitakuwa nimempa Nuru kitu cha msomaji?

[19:18] Mjomba Hamisi: Hayo ya darasani. Mitaani taharuki ni watu kukimbia ovyo. Usiikatae.

[19:21] Baba Mdogo Bakari: Mimi naona aanze na "akashtuka". Msomaji ashtuke naye hapo hapo. Lakini najua halitakubaliwa. Mara ya mwisho niliandika "akashtuka" likafutwa, na paka wangu akageuzwa mbwa bila mtu kuniuliza.

[19:22] Shangazi Zuhura: Bakari, leo si siku ya paka.

[19:22] Baba Mdogo Bakari: Haijawahi kuwa siku ya paka.

[19:23] Juma: Miau 🐈

[19:24] Shangazi Zuhura: Juma, nakutoa kwenye kikundi.

[19:31] Shangazi Zuhura: Maneno yaliyopatikana ni shaka, wasiwasi, hofu, woga. Wengine mko wapi? Baba, wewe uko macho?

[19:58] Babu: Nimesoma. Nilikuwa natafuta miwani. Nitaandika polepole msinikatize.

[20:03] Babu: Salma, anza na kitisho. Umeandika Nuru "akatetemeka kwa kitisho". Kitisho si cha anayeogopa, ni cha kinachoogopwa. Simba ana kitisho, mtu aliyemwona simba ana hofu. Na "usiku wa kutisha" ni hivyo hivyo, unamwambia msomaji usiku unatisha ili usihangaike kumtisha. Yatoe yote mawili na nusu ya shida yako imekwisha.

[20:09] Babu: Wasiwasi ni neno la Kiarabu, na huko lilikotoka ni mnong'ono. Kwa hiyo hauwezi kumjaza mtu ghafla kama maji. Unamjia pembeni, unarudia jambo lile lile moja. Ukiandika wasiwasi, mpe Nuru kitu anachokirudia. Usipompa, umeandika neno tupu.

[20:10] Mjomba Hamisi: Mzee, na kihoro?

[20:11] Babu: Nimesema msinikatize.

[20:17] Babu: Hofu na woga si ngazi mbili, Hamisi. Yuko mtu tunayemwita mwoga. Wa hofu hana jina, hatusemi fulani ni mhofu. Woga ni tabia ya mtu na hofu ni jambo linalompata. Wahenga waliposema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, hawakumsema aliyeingiwa na hofu usiku mmoja. Ukiandika "woga ulimjaa", msomaji anaanza kumpima Nuru badala ya kuusikiliza mlango.

[20:24] Babu: Kihoro Hamisi amekipatia nusu. Ni mshtuko mkubwa, ndiyo, ila ni wa aliyepotelewa. Mama aliyefiwa hushikwa na kihoro. Nuru hajapoteza kitu bado. Mkiweka kihoro hapo juu msomaji atauliza nani amekufa.

[20:31] Babu: Baada ya hofu kuna kiwewe. Hapo mtu hajui tena afanye nini, basi mkono wake unafanya kazi isiyohusika. Kile kiatu cha Mama Neema alichokuwa akikifuta vumbi, hicho ndicho kiwewe. Hakuna aliyeleta kitu bora kuliko hicho humu leo.

[20:32] Mama Neema: Jamani 🙈 nilikifuta hadi kikang'aa.

[20:40] Babu: Na baada ya kiwewe usitafute neno la hofu. Halipo linalotosha. Shuka mwilini. Ulimi mkavu, miguu imekufa ganzi, sauti haitoki. Wazee wetu walikuwa na kugwaya, kutetemeka kwa hofu mpaka maungo yote. Ni zuri, kama wenzako wanalijua.

[20:41] Salma: Asante sana Babu. Kugwaya silijui, na naogopa msomaji akikwama kwenye neno hapo atatoka ndani ya chumba.

[20:42] Mjomba Hamisi: Si ndiyo uzuri wake! Ageni.

[20:42] Mjomba Hamisi: *Ugeni.

[20:46] Baba Mdogo Bakari: Baba, na kushtuka?

[20:52] Babu: Kushtuka hakuna ngazi, Bakari. Mtu hushtuka hata akiitwa jina lake. Ni nukta moja, inapita. Ukiiweka mwanzoni, kila kilichokuwa kikipanda kinamwagika na msomaji anapumua. Iweke mahali unapotaka apumue, kisha umkamate tena.

[20:53] Baba Mdogo Bakari: Kwa hiyo walikuwa na haki kuifuta.

[20:55] Babu: Neno, ndiyo. Paka, hapana. Paka wa Bakari alikuwa paka. Zuhura, hukupaswa kumgusa bila kumuuliza mwenyewe.

[21:14] Shangazi Zuhura: Sawa Baba.

[21:15] Shangazi Zuhura: Bakari, nitakupigia.

[21:33] Salma: Nimejaribu upya. Mnisomee.

"Nuru alisukuma komeo la mlango wa nyuma, akazima taa, akajilaza. Likamjia swali: alilisukuma mpaka mwisho? Akaamka, akalipapasa gizani. Mpaka mwisho. Akarudi kitandani, na wasiwasi ukaja naye, ukalala upande wa ukutani. Mpaka mwisho? Mpaka mwisho? Akaamka tena. Mara ya tatu akajizuia.
Ndipo aliposikia chuma kikisugua chuma, taratibu, kama mtu anayechelea kuamsha watoto. Hofu ikamwingia. Komeo lile lilikuwa upande wa ndani.
Akavuta mto wake, akatoa foronya, akaanza kuivalisha upya. Akanyoosha pembe moja, akanyoosha ya pili."

[21:34] Salma: Nimeishia hapo. Neno hofu nimelitaja mara moja tu na kiwewe sikukitaja kabisa, nimeacha foronya ikiseme.

[21:36] Mama Neema: Kiatu changu kimekuwa foronya! Mwili wote umenisisimka hapo kwenye komeo la ndani.

[21:38] Juma: Sasa hivi nimeenda kuangalia mlango wetu. Sifanyi mzaha.

[21:41] Mjomba Hamisi: Iko vizuri, lakini "kuchelea" pale si dogo mno? Ungeandika "anayeogopa kuamsha watoto".

[21:44] Salma: Mjomba nimelitaka kwa kuwa dogo. Anayevuta komeo haogopi kitu, anachelea tu. Nuru ndiye anayebeba hofu yote.

[21:45] Mjomba Hamisi: Hmm. Haya. Na wahaka umeuacha?

[21:46] Salma: Nilishindwa kujua unakaa juu au chini ya wasiwasi. Kwangu ni ule wa moyo kukosa kutulia unapomngoja mtu arudi. Nuru hamngoji mtu.

[21:47] Mjomba Hamisi: Anamngoja, ila hajui 😶

[21:47] Juma: Mjomba!!

[21:50] Shangazi Zuhura: Haya, tufunge. Bado mstari wa mwisho, mlango unapofunguka. Mambo mawili yako mezani. Babu anasema kugwaya, mimi naona "akapigwa na bumbuwazi". Chagueni.

[21:53] Baba Mdogo Bakari: Bumbuwazi na butwaa mtu hupigwa hata akiona kitu kizuri. Bibi harusi akitoka, watu wote butwaa. Haimfai Nuru.

[21:54] Shangazi Zuhura: Basi lete lako.

[21:59] Baba Mdogo Bakari: "Akafungua kinywa amwite mama yake. Kinywa kilifunguka." Uishie hapo. Usiseme sauti haikutoka.

[22:01] Salma: Baba Mdogo 😳

[22:02] Mama Neema: Lakini msomaji asipoelewa kwamba hakuita?

[22:03] Mjomba Hamisi: Ndiyo, ongeza "sauti ikakauka". Lazima aambiwe.

[22:04] Baba Mdogo Bakari: Hivyo hivyo mlivyomfanya paka.

[22:06] Shangazi Zuhura: Bakari, nimekwambia nitakupigia. Salma, usitume bila mstari wa mwisho kukubaliwa na Babu.

[22:07] Salma: Babu amelala, Shangazi. Nimepita kwake, taa imezimwa.

[22:08] Shangazi Zuhura: Basi saa 1 asubuhi. Kila mtu aamke.

[23:26] Binamu Asha: Jamani kuna nini? Ujumbe wote huu! Nimesoma wa mwisho tu, nani kamwita mama yake?

[23:27] Juma: Asha, usianzie mwisho. Panda juu kwenye komeo. Na usizime taa.