Naomba ushauri: akaunti imefungiwa, nikate rufaa au niifute kabisa?

Wakuu, habari zenu. Akaunti ya biashara ya mdogo wangu (anauza vitenge) imesimamishwa na mtandao mmoja wa picha. Akiingia anaona ukurasa mmoja tu: kukata rufaa ndani ya siku 180, kupakua taarifa zake, au kutoka. Kitufe cha kufuta hakipo, kwa kuwa mipangilio yote imefungwa.

Yeye anataka aandike barua pepe kuomba wamfutie, maana sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inampa haki hiyo. Mimi namzuia. Wakishafuta, hakuna tena cha kukatia rufaa, na picha za wateja zitapotea. Afadhali apakue kwanza, akate rufaa, akirudishiwa ndipo afute mwenyewe.

Hata hivyo, ujumbe aliowatumia wateja utabaki kwenye simu zao, na kampuni inaweza kuweka kumbukumbu ya namba yake ili asifungue akaunti nyingine. Hilo ndilo linaloniumiza.

Aliyewahi kuomba kufutiwa akiwa bado amefungiwa, walimjibu nini? Walidai kitambulisho?